Kurekebisha Ritani Kabla ya Mkaguzi Kubisha Hodi

Ritani ya kodi iliyokwisha kuwasilishwa nchini Kenya si neno la mwisho. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 kinamruhusu mlipa kodi aliyejikadiria mwenyewe kumwomba Kamishna arekebishe hesabu hiyo, ndani ya miaka 5 tangu siku ritani ilipowasilishwa. Hilo ni ombi. Kamishna anaweza kulikubali au kulikataa, na akilikataa sharti aeleze sababu.

Makosa yanayojitokeza sana ni ya kawaida kabisa. Mwajiriwa hujaza ritani ya sifuri ilhali mwajiri amekuwa akimkata kodi kila mwezi, au huandika mshahara pekee na kusahau malipo ya kazi ya pembeni.

Tuseme mwalimu mmoja analipwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 alifanya pia kazi ya ushauri, akapata shilingi 200,000, na hakuwa na gharama za kutoa. Aliyemlipa alizuia asilimia 5, yaani shilingi 10,000, akaziwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato, KRA. Mwezi Juni 2025 mwalimu akawasilisha ritani yenye mshahara tu. Kwa kuwa mshahara wake umekwisha kufika kiwango cha asilimia 30, zile 200,000 zinadaiwa kodi ya shilingi 60,000. Zikitolewa 10,000 zilizozuiwa, deni linabaki 50,000. Wengi hukosea papo hapo, wakidhani kwamba kodi ya zuio imemaliza kila kitu. Kwa mkazi wa Kenya mwenye mapato ya aina hii, kodi hiyo ni malipo ya awali tu.

Kosa hili halina pa kujificha. Aliyezuia kodi aliingiza PIN ya mwalimu kwenye mtandao wa iTax, na cheti cha zuio kikatoka kwa jina lake. KRA inahitaji tu kulinganisha cheti hicho na ritani.

Marekebisho hufanyiwa kwenye iTax hiyohiyo. Mlipa kodi hufungua sehemu ya `Returns`, akachagua `File Amended Return`, kisha aina ya kodi na kipindi kinachohusika. Fomu hujazwa upya yote, mshahara ukiwemo, kwa sababu ritani mpya huchukua nafasi ya ile ya kwanza. Anayeandika kipato kilichosahaulika peke yake huzalisha kosa la pili. Fomu ya P9 ya mwajiri na cheti cha zuio viwe mezani, na stakabadhi ya kupokelewa kwa ritani ihifadhiwe.

Gharama ya kuchelewa inahesabika. Salio la kodi ya mwaka 2024 lilipaswa kulipwa kufikia tarehe 30 Aprili 2025. Adhabu ya kuchelewa kulipa ni asilimia 5, yaani shilingi 2,500. Riba ni asilimia 1 kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, bila riba juu ya riba. Mwalimu akilipa mwishoni mwa Januari 2026, miezi 9 itakuwa imepita, na riba itakuwa 4,500. Jumla ya deni, adhabu hiyo na riba ni shilingi 57,000.

Ufichuzi wa hiari una uzito wake katika kifungu cha 84, kinachoadhibu upungufu wa kodi unaotokana na maelezo ya uongo au yaliyoachwa. Adhabu ni asilimia 75 ya upungufu kama ilikuwa makusudi, na asilimia 20 katika hali nyingine. Aliyejitokeza mwenyewe hupunguziwa pointi 10: 75 hushuka hadi 65, na 20 hadi 10. Kwa upungufu wa shilingi 50,000 usio wa makusudi, tofauti ni kati ya 10,000 na 5,000. Sharti ni moja, na ni kali: awe amesema kabla Kamishna hajagundua upungufu wala ukaguzi haujaanza, lolote litakalotangulia.

Nafuu hii isichanganywe na ile mipango ya msamaha ya muda. Mpango wa ufichuzi wa hiari ulioanza Januari 2021 uliondoa adhabu na riba zote katika mwaka wa kwanza, nusu katika wa pili na robo katika wa tatu, ukafungwa mwisho wa 2023. Msamaha uliofuata ulifungwa 30 Juni 2025, nao uligusa madeni ya hadi mwisho wa 2023 tu. Deni la mwalimu huyu, la mwaka 2024, halikuwamo hata siku moja.

KRA ikishatoa makadirio yake yenyewe, njia hubadilika. Asiyekubaliana nayo huandika pingamizi ndani ya siku 30 tangu apokee taarifa, akieleza sababu zake na kulipa ile sehemu ya kodi asiyoipinga.