Tazama Tarehe Kabla ya Kutazama Bei

Mazungumzo ya afisa wa afya ya umma na wenye maduka, vibanda na saluni, Nakuru

 

Wengi wenu mnaijua kanuni ya zamani kwamba mzigo ulioingia kwanza ndio utoke kwanza. Ni kanuni nzuri, na mtu akiifuata atakuwa mbele ya wenzake wengi. Lakini tunapokagua maduka tunakuta pakiti zilizopitwa na wakati hata kwa mtu anayeifuata kwa uaminifu. Leo nataka tuone inakuwaje.

Tuseme mama mmoja ana duka pale Free Area, na kwa siku anauza pakiti 2 za unga wa ngano. Machi tarehe 1 ananunua beli 5, yaani pakiti 60, ambazo zimeandikwa mwisho wake ni Agosti 30. Kufikia asubuhi ya Machi 15 ameuza pakiti 28, amebaki na 32. Siku hiyo muuzaji wa jumla anampigia simu: kuna ofa, pakiti ya shilingi 150 anaiachilia kwa 130. Mama anafurahi, anachukua beli 6, pakiti 72. Unga huu mpya mwisho wake ni Aprili 20. Hakutazama tarehe, alitazama bei.

Sasa anafuata kanuni. Anauza kwanza zile 32 za zamani, na zinamaliza siku 16, hadi Machi 30. Machi 31 anaanza ule wa ofa. Kutoka siku hiyo hadi Aprili 20 ni siku 21, kwa hivyo atauza pakiti 42. Zinabaki 30 ambazo haruhusiwi tena kumuuzia mtu. Katika ofa alipata nafuu ya shilingi 20 kwa kila pakiti, jumla 1,440. Katika zile 30 amepoteza 3,900. Ofa imemla shilingi 2,460, na hakuna mahali alipokuwa mvivu.

Kosa ni kwamba alihesabu siku ya kuingia badala ya siku ya kuisha. Mzigo mpya si lazima uwe na maisha marefu kuliko wa zamani. Mara nyingi muuzaji wa jumla hupunguza bei kwa sababu hiyo hiyo: siku zimemwishia, naye anataka ziishie kwako. Kwa hivyo irekebisheni kanuni kidogo. Kinachoisha mapema ndicho kitoke mapema, hata kama kimeletwa jana. Mama yule angeanza na unga wa ofa siku ile ile ya Machi 15, pakiti zote 72 zingekwisha Aprili 19, na zile 32 zenye tarehe ya Agosti zingemngoja bila shida.

Hata hivyo mtu aliyenunua pakiti ile ya mwisho Aprili 19 amebakiwa na siku moja tu. Unga wa kilo 2 hauishi nyumbani kwa siku moja, labda awe na harusi. Ndiyo maana kabla ya kukubali ofa nawaomba mfanye hesabu moja nyuma ya risiti. Hesabu siku zilizobaki hadi tarehe ya mwisho. Ondoa siku ambazo mteja anazihitaji kumaliza pakiti, tuseme 10. Zidisha zinazobaki kwa kiasi unachouza kwa siku. Kwa mama yetu, Machi 15 hadi Aprili 20 ni siku 37. Ondoa 10, zinabaki 27. Mara 2 ni pakiti 54. Basi beli 4, ambazo ni pakiti 48, zinamtosha. Zile beli nyingine 2 amwachie mwenyewe.

Mtaniuliza, kwenye rafu hii inafanyika vipi? Duka dogo halina nafasi, na beli hupangwa moja juu ya nyingine. Iliyoletwa mwisho inakaa juu, hiyo ndiyo mkono unaifikia, na ile ya chini kabisa inazeekea hapo. Nunua kalamu nene ya wino usiofutika. Mzigo ukifika, kabla haujapangwa, andika mwezi na siku ya mwisho kwa herufi kubwa ubavuni, upande unaoonekana ukiwa umesimama kwenye kaunta. Kisha panga safu mbili za kusimama badala ya rundo moja, na zenye tarehe ya karibu ziwe upande wa mkono wako. Kwenye rafu, sukuma zilizopo mbele na uingize mpya kwa nyuma, ila kama mpya ndizo zenye tarehe ya karibu. Mwambie na kijana anayekusaidia, maana mara nyingi yeye ndiye anayepanga.

Msisahau kwamba tarehe ile inategemea bidhaa imehifadhiwa inavyotakiwa. Unga uliowekwa sakafuni Molo wakati wa mvua unaweza kuota ukungu miezi kabla ya tarehe yake. Uweke juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta. Kule Mogotio kwa majirani zetu shida ni joto.

Wenzetu wa vipodozi, adui yenu ni lile dirisha la mbele. Losheni iliyopangwa juani ipendeze wapitao hugawanyika, mafuta yakakaa juu, na harufu ikageuka kama ya mafuta ya kupikia yaliyochacha. Hiyo usiuze, hata kama tarehe haijafika. Pia mtaona kwenye kopo picha ndogo ya kopo lililofunguliwa na alama kama 12M. Hiyo maana yake ni miezi 12 tangu kufunguliwa. Haihusu kopo ambalo bado limefungwa. Mwenye saluni anayechota losheni kwenye kopo kubwa aandike juu yake siku alipolifungua.

Kuna jambo la kuudhi zaidi, nalo ni tarehe za kughushi. Linganisha tarehe ya pakiti na ya katoni yake, zikitofautiana, uliza. Pitisha kidole juu ya kibandiko uone kama kuna maandishi chini yake. Tazama kama wino umepakazwa au sehemu hiyo imekwaruzwa ikapoteza mng'aro. Kuuza chakula kisichofaa kuliwa ni kosa chini ya Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, na bidhaa tukiikuta dukani kwako, wewe ndiye utakayeulizwa kwanza. Kwa hivyo weka risiti zako.

Zilizopita tarehe zitoe kwenye rafu siku hiyo hiyo, uziweke kwenye sanduku lililoandikwa SI YA KUUZA. Wauza mikate wengi hubadilisha mikate iliyobaki, lakini kwa bidhaa nyingine mkubaliane na anayekuletea kabla hujapokea mzigo, na mwandike kwenye risiti. Asiyekubali kuandika, chukua kidogo kwake.

Tafadhali msizitupe zikiwa nzima. Pale Gioto kuna watu wanaookota, na pakiti iliyofungwa vizuri inaweza kurudi mtaani ikauzwa tena. Ukiwa na chache, zipasue na uzimwage. Ukiwa na katoni nzima, mwite afisa wa afya ya umma wa wadi yako aje aone ziharibiwe, na akuandikie barua ya kuonyesha zimeharibiwa. Barua hiyo ndiyo unayoweza kumwonyesha aliyekuletea mzigo unapodai pesa zako.