Fedha za mgao: karai au unga?

(Mazungumzo kwa wanakikundi siku chache kabla ya kuvunja sanduku)



Mwezi huu vikundi vingi vya kuweka na kukopa vinamaliza mwaka wao. Sanduku litafunguliwa kwa funguo zake tatu, hesabu itasomwa mbele ya watu wote, na kila mmoja atapewa chake. Wengi wenu mmetuuliza swali moja: "Nikipata hizi fedha, nianze biashara ndogo. Ninunue nini kwanza?" Tumeona afadhali tuwaeleze mambo ya mwenzetu mmoja, mama wa watoto watatu, aliyeanza kukaanga maandazi mwaka jana. Ametukubalia tuyaseme, ila jina lake tuliache.

Kikundi chake kilikuwa na watu 25. Hisa moja ilikuwa shilingi 1,000. Mwisho wa mwaka sandukuni mlikuwa na shilingi 4,200,000, na hisa zote zilikuwa 3,500. Ukigawanya, kila hisa inapata shilingi 1,200. Yeye alikuwa na hisa 140, kwa hiyo alipata shilingi 168,000.

Jambo la kwanza alilofanya ni kutoa shilingi 50,000 za sare na madaftari ya watoto. Alizitoa siku ile ile, kabla ya kununua chochote. Wengine humcheka mtu wa namna hii, wanasema amekula mtaji. Sivyo. Mahitaji ya shule yangekuja tu mwezi Januari, na yangekuta fedha zimekwisha geuka unga. Hapo ndipo mtu huuza karai lake kwa bei ya kutupa.

Zikabaki 118,000. Sasa, moyo wake ulitaka kabati la kioo la kuwekea maandazi, kama lile la pale stendi. Fundi alitaka 70,000. Tulikaa naye, tukamwuliza: ukilipa kabati na karai, unga wa wiki ya pili utanunua kwa nini? Maana vyombo hununuliwa mara moja, lakini unga, sukari na mafuta vinaisha kila siku. Tunamjua fundi mmoja wa nguo aliyetumia mgao wake wote kununua cherehani. Cherehani ilikaa miezi miwili imefunikwa kanga kwa kukosa fedha za uzi na za kitambaa cha kuanzia.

Basi mama huyu akanunua karai la shilingi 15,000, ndoo ya plastiki yenye mfuniko kwa 8,000, na kijiko cha matundu kwa 3,000. Jumla 26,000. Jiko lilikuwa mafiga yale yale ya nyumbani. Meza ya kukandia aliazima. Mkononi zikabaki 92,000.

Hata karai hakulinunua siku ya kwanza. Jumapili aliazima la jirani, akakaanga unga wa kilo moja tu, akauza mwenyewe njia ya kisimani. Hapo aliona kama watu wananunua au wanapita.

Haya, tuje kwenye hesabu ya kila siku. Bei ni za kijijini kwake. Ninyi mwandike za kwenu. Unga kilo mbili, shilingi 4,000. Sukari robo kilo, 750. Hamira, 400. Mafuta nusu lita, 3,000. Kuni, 1,000. Jumla shilingi 9,150. Andazi moja aliuza shilingi 200.

Wiki ya kwanza alikata donge kwa kukisia tu kwa macho. Kilo mbili zikatoa maandazi 48. Mara 200 ni shilingi 9,600. Kwa hiyo faida ya kuamka saa kumi usiku ilikuwa shilingi 450! Lakini yeye hakujua, kwa sababu kila jioni aliona noti nyingi mkononi, akadhani ni faida.

Tulipomsaidia kuandika, tukaona makosa mawili. Donge lilikuwa kubwa mno, na halikuwa sawasawa. Akaanza kusukuma unga kwa unene mmoja na kukata kwa kipimo kimoja, yakatoka maandazi 60. Hiyo ni shilingi 12,000. Toa 9,150, inabaki faida ya 2,850.

Kosa la pili lilikuwa moto. Alikuwa akitumbukiza maandazi mafuta yakiwa hayajapata moto vizuri. Andazi likiingia katika mafuta ya vuguvugu hunywa mafuta, linakuwa zito, na chupa inaisha upesi. Wiki ile hata nusu lita haikutosha. Sasa hujaribu kwa kipande kidogo cha donge. Kikizama na kutulia, anangoja. Kikipanda juu na kutoa mapovu pembeni, anaanza. Na mafuta yakiwa meusi, yakitoa povu jingi na moshi mapema, huyamwaga. Haongezi mapya juu ya yale yaliyoharibika, maana hata mapya huharibika pamoja nayo.

Tazameni sasa jambo la maandazi yanayobaki. Faida ni 2,850. Maandazi 15 yakibaki, au yakiliwa na watoto na wageni, ni shilingi 3,000. Siku hiyo amepata hasara. Hatumkatazi mtu kuwapa watoto wake andazi, jamani! Lakini aliandike. Yeye huwawekea watoto matatu, basi. Ya mkopo nayo ameyawekea mpaka: mtu asiyelipa la Jumatatu hapewi la Jumanne.

Zile shilingi 92,000 hakuzigeuza unga zote. Mwenye duka alimshawishi achukue mfuko mzima wa kilo 25, maana kilo inashuka bei kidogo. Ni kweli inashuka, lakini nyumba yake huvuja na unga hupata wadudu. Alinunua mahitaji ya siku tatu, kama shilingi 30,000 hivi pamoja na mafuta ya kujaza karai. Nyingine aliziweka kwenye simu yake. Kumbukeni kwamba baada ya mgao sanduku ni tupu. Wiki za kwanza za mwaka mpya hakuna cha kukopa, hata uwe mwanakikundi mwema kiasi gani. Ukikwama wakati huo, akiba yako mwenyewe ndiyo itakayokutoa.

Kila jioni, kabla ya kununua hata kiberiti cha nyumbani, hutoa shilingi 9,150 na kuzirudisha katika kopo la biashara. Kinachozidi ndicho cha kwake. Jumamosi huhesabu fedha za kopo, fedha za simu, na bei ya unga na mafuta yaliyobaki. Jumla ikiwa chini ya 92,000, anajua kuna mahali mtaji unaliwa, anafungua daftari na kutafuta.

Jambo moja lilitushtua sisi pia. Alianza Desemba, mara tu baada ya mgao, kila mtu akiwa na fedha mfukoni. Maandazi 60 yaliisha kabla ya saa mbili asubuhi. Alitaka kupanda mpaka kilo nne. Tukamwambia angoje Januari. Ilipofika Januari, fedha za watu zikawa zimekwenda shuleni na shambani, yakawa yanabaki 20 kila siku. Akashuka hadi kilo moja na nusu kwa wiki tatu, shule zilipotulia akarudi mbili.

Kabati la kioo alilinunua mwezi Juni, kwa fedha za faida. Fundi alipunguza, akalichukua kwa 65,000.