Hijabu ya Mazoezi: Jaribu kwa Tone la Maji

Leo tuko na dada zetu wa Karagwe na Kyerwa wanaokimbia au kucheza mpira wakiwa wamejisitiri.

Jasho hupoza mwili pale tu linapokauka. Mtandio wa pamba hulinyonya na kulishikilia, ukawa mzito, ukaganda shingoni. Huku kwetu milimani, ukipumzika upepo ukapita, unatetemeka. Poliesta ya jezi, nyepesi na yenye vitundu vidogo, hulisambaza jasho likauke haraka.

Lakini si kila poliesta. Ile laini inayong'aa, tunayovaa harusini, huziba hewa. Ukienda mnadani au kwa muuza mitumba, weka tone la maji upande wa ndani wa kitambaa. Likibaki limeviringana, kiache. Likitandaa upesi, kipulizie kwa mdomo uone kama pumzi inapita. Pamba nayo hunyonya tone, kwa hiyo soma lebo, au lowanisha pembe na uangalie inakauka baada ya muda gani.

Kwa mshono, chagua hijabu ya kuvuta kichwani, isiyo na pini. Sheria za soka, zilizoruhusu hijabu rasmi mwaka 2014, zinataka iwe nyeusi au rangi kuu ya jezi, isishikizwe kwenye jezi, wala isiwe na sehemu zinazochomoza.

Ifue siku hiyohiyo, maana poliesta hushika harufu. Na pasi ya moto? Inaweza kuyeyusha nyuzi.