Samli, Siagi, Majarini na Mafuta: Kijiko ni Kijiko

(Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Tukuyu, Wilaya ya Rungwe)



Wilaya yetu ni ya ng'ombe wa maziwa, na siagi na samli ni vitu tunavyovijua tangu utotoni. Hata hivyo hutokea mwanachama akashauriwa zahanati apunguze uzito, naye akarudi nyumbani akaiacha samli na kununua mafuta ya alizeti dukani, chupa baada ya chupa. Miezi hupita, fedha huenda, na uzito haupungui. Yafaa tueleze kwa nini.

Mafuta ya aina yoyote, yawe ya ng'ombe au ya mbegu, hutoa nguvu ile ile mwilini: kila gramu moja ya mafuta halisi ni kalori 9. Kwa hiyo jambo la kuuliza ni moja tu: ndani ya kijiko mna gramu ngapi za mafuta halisi? Tuchukue kijiko kikubwa cha mezani, kilichosawazishwa kwa kisu. Mafuta ya alizeti, ya pamba au mawese ya Kyela yote ni mafuta matupu. Kijiko kimoja ni kalori 120 hivi. Samli nayo ni mafuta matupu, nayo ni 120 hivi. Siagi na majarini ya kawaida ni kalori 100 hivi.

Pengo hilo la kalori 20 limetoka wapi? Ni maji. Siagi ina takriban sehemu 80 za mafuta katika kila sehemu 100. Karibu zote zilizosalia ni maji. Kila mama hapa ameliona jambo hili kwa macho. Siagi ikiwekwa jikoni huchemka, hutoa povu na kulia, kwa kuwa maji yanatoka. Sauti ikinyamaza na masimbi yakashuka chini, iliyobaki juu ni samli. Kilo moja ya siagi huacha samli ya gramu 800 hivi. Hakuna mafuta yaliyozaliwa wala kupotea humo. Maji ndiyo yameondoka.

Sasa tupige hesabu ya nyumba moja. Watu sita wanatumia lita moja ya mafuta kwa wiki. Lita hiyo ni vijiko 66, yaani vijiko tisa na nusu kwa siku, na kila mtu hupata kijiko kimoja na nusu hivi: kalori 190. Wakihamia kwenye samli, hesabu ni ile ile. Wakihamia kwenye siagi, kijiko kwa kijiko, kila mtu atapungukiwa kalori 30 hivi kwa siku, ambazo hazifikii hata kijiko kimoja cha chai cha mafuta. Lakini wakiiacha lita ile ile idumu siku kumi badala ya saba, kila mtu atapungukiwa kalori 57 hivi, karibu mara mbili ya faida ya siagi, wala hawakubadilisha chupa.

Lipo kosa jingine linalojificha. Mafuta ya maji hayawezi kupita ukingo wa kijiko, bali samli iliyoganda na siagi hurundikika. Kijiko kilichorundikwa chaweza kuwa vijiko viwili. Anayetaka kujua na asawazishe kijiko kwa kisu, kisha apime kilichoanguka.

Hesabu hii yamfaa pia mwenye mtoto aliyekonda. Kijiko cha chai cha siagi ya nyumbani katika uji wake humwongezea nguvu sawa na majarini ya dukani. Hakuna haja ya kuuza siagi ili kununua majarini kwa kudhani kwamba hiyo ina nguvu zaidi.

Mipaka ya maneno haya ni miwili. Kwanza, zipo majarini nyepesi zilizotiwa maji mengi. Kijiko chake chaweza kuwa kalori 50 tu, lakini hazifai kukaangia. Msome maandishi ya kopo. Pili, tumesema juu ya nguvu, si juu ya moyo. Kijiko cha samli kina gramu 8 hivi za mafuta yale yanayopandisha lehemu katika damu. Cha alizeti hakifikii gramu 2. Aliyeambiwa na mganga abadilishe kwa ajili ya moyo au lehemu, na abadilishe. Ana sababu ya kweli. Lakini aliyeambiwa apunguze uzito asitazame jina la kopo. Ahesabu vijiko vinavyoingia chunguni.