Video Isikike, Meseji Zisionekane

Chukua mwalimu anayefundisha kwa Google Meet kutoka nyumbani. Anataka darasa litazame video, na WhatsApp yake iko wazi kwenye laptopu hiyo hiyo.

Akionyesha skrini nzima, arifa itakayochomoza darasa linaweza kuisoma. Akichagua dirisha moja la Chrome, arifa za kompyuta hazitaonekana, lakini majina ya vichupo vyote vya juu yatabaki wazi, na mara nyingi video itaonekana bila sauti. Kwa Zoom nako, ukionyesha dirisha moja na kuweka alama kwenye Share sound, sauti ya kompyuta nzima huenda kwa wasikilizaji. Meseji haionekani, ila mlio wake unasikika. Wengi hapo ndipo wanaponaswa.

Kwa video, mimi napendelea kichupo kimoja. Fungua video kwenye kichupo chake ndani ya Chrome. Rudi kwenye Meet, bonyeza kitufe cha kuonyesha skrini, kisha uchague Chrome Tab. Chagua kichupo cha video na uhakikishe Also share tab audio imewashwa kabla ya kubonyeza Share. Sasa zinazoonyeshwa ni picha na sauti za kichupo hicho tu, na mlio wa WhatsApp hauendi pamoja nazo.

Mwombe mmoja darasani akwambie kama anasikia. Akisema kimya, simamisha, uanze upya, uangalie ile alama ya sauti. Na usifungue ukurasa mwingine ndani ya kichupo hicho, maana nao utaonekana.