Jokofu la Nyumba Itakayofungwa

Wasikilizaji wetu, shule zifungwapo, baadhi yetu hapa Kilakala hufunga nyumba mwezi mzima. Jokofu likizimwa na kufungwa, barafu iliyomo huyeyuka, na maji yake hayana pa kwenda. Humo gizani, pasipo hewa, kuvu huota upesi. Nasi tukaao chini ya Uluguru twajua jinsi hewa ya masika ilivyo na unyevu.

Basi tuanze siku mbili kabla ya safari. Tutoe vyakula vyote, tuchomoe waya ukutani, tutandike vitambaa sakafuni, kisha tuache milango wazi usiku kucha, barafu iyeyuke yenyewe. Mtu asiibandue kwa kisu, kwani akitoboa bomba la gesi, jokofu limekwisha.

Asubuhi tuoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Panaposahauliwa sana ni mikunjo ya mpira wa mlango: tuifunue kwa kidole, na tukiona vitone vyeusi, hiyo ndiyo kuvu. Majokofu mengi yana pia kisahani nyuma, chini, cha kupokea maji, nacho kimwagwe. Tukaushe kwa kitambaa, kisha tuache wazi mpaka kesho yake. Tupitishe karatasi mikunjoni, ikilowa, bado.

Siku ya kuondoka tuweke kitambaa kilichokunjwa, unene wa vidole vinne, kati ya mlango na sanduku lake. Kisha tuzungushe kamba na kukaza, mlango usijifunge, wala mtoto asiweze kuufungua akaingia.