Kisonono na klamidia: kwa nini mwenzi naye lazima atibiwe



Mada ya leo ni magonjwa mawili ya zinaa ambayo mara nyingi humpata mtu kwa pamoja: kisonono na klamidia. Kisonono wengi wanakijua, ingawa wapo wanaokichanganya na kaswende, ambayo ni ugonjwa mwingine wenye tiba yake. Klamidia haijulikani sana kwa sababu mara nyingi hukaa kimya. Yote mawili huletwa na bakteria, na yote mawili hupona. Hata hivyo, si ajabu kituo cha afya kumpokea mtu yule yule, na malalamiko yale yale, wiki chache baada ya kutibiwa. Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini kila hatua yake inajulikana na wanaohudumu kliniki.

Mwendesha boda boda mwenye mke alilala na mwanamke mwingine siku ya Jumatano. Jumamosi alikuwa na mkewe nyumbani, na hakuwa na dalili yoyote. Jumatatu asubuhi mkojo ukamchoma kama pilipili, na kwenye chupi akaona usaha wa rangi ya manjano. Kwa mwanamume, kisonono hujitokeza hivyo, aghalabu kati ya siku 2 na 7 baada ya kuambukizwa.

Kwanza alikwenda kemisti. Akauziwa siprofloksasini, vidonge ambavyo zamani vilikuwa tiba ya kawaida ya kisonono. Siku hizi bakteria wa kisonono wamevizoea, na hapa Kenya vidonge hivyo havitegemewi tena kwa ugonjwa huu. Ijumaa usaha ulikuwa bado upo. Pesa zilikwisha tumika, na siku nne zilikuwa zimepotea.

Hapo ndipo alipofika kituo cha afya. Tabibu hakusubiri majibu ya maabara. Katika vituo vyetu vingi mgonjwa hutibiwa kwa kufuata dalili zake, na mwanamume anayetokwa na usaha hupewa dawa za magonjwa yote mawili kwa wakati mmoja. Kwa kisonono alidungwa sindano moja ya seftriaksoni kwenye msuli. Kipimo chake ni kati ya nusu gramu na gramu 1, kutegemea mwongozo unaofuatwa. Sindano hiyo inauma, na ndiyo maana dawa huchanganywa na ya ganzi kabla ya kudungwa. Ni mara moja tu, basi.

Kwa klamidia alipewa doksisaiklini: kidonge kimoja cha miligramu 100 asubuhi na kingine jioni, kwa siku 7. Zamani wengi walipewa azithromaisini, gramu 1, inayomezwa mara moja na kumalizika. Bado inatumika, hasa kwa wajawazito na pale inapojulikana kwamba mgonjwa hatamaliza vidonge vya wiki nzima. Lakini kwa anayeweza kuvimaliza, doksisaiklini huponya klamidia vizuri zaidi. Imezwe kwa glasi nzima ya maji na mtu asilale papo hapo, kwa sababu kidonge kikikwama kooni huchoma. Isimezwe pamoja na maziwa wala vidonge vya kuongeza damu, maana hivyo huizuia kuingia mwilini.

Siku mbili baada ya sindano usaha ulikauka, na mwendesha boda boda akajiona mzima. Tabibu alikuwa amemwambia mambo mawili zaidi: asifanye ngono kwa siku 7, na amlete mkewe. La kwanza alilishika. La pili lilimshinda, kwa kuwa angeanzia wapi? Siku ya kumi alirudiana na mkewe. Siku ya kumi na nne usaha ulirudi.

Akarejea kituoni akisema dawa ni feki. Tabibu mwenye uzoefu huuliza swali moja: je, dalili zilikwisha kabisa kisha zikarudi, au hazikuwahi kuondoka? Zikiwa hazikuondoka siku tatu hadi tano baada ya sindano, na mgonjwa hajakutana na mtu, huenda bakteria wameishinda dawa. Huyo huchukuliwa usaha ukaoteshwe maabara ili ijulikane ni dawa gani itawaua. Lakini zikikoma halafu zikarudi baada ya ngono, kwa kawaida ni maambukizi mapya. Mwendesha boda boda alipona kweli. Ugonjwa aliompa mkewe ile Jumamosi ndio aliorudishiwa.

Mkewe hakujua lolote. Hakuwa na maumivu wala uchafu usio wa kawaida. Wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili, na kwa kisonono pia ni hivyo kwa wengi wao. Ndiyo maana kutibu kwa kufuata dalili, njia inayomfaa mwanamume huyu, humwacha nje mwanamke kama yeye. Asipoletwa na mwenzi wake, hakuna dalili itakayomleta. Wakati huo bakteria wanaweza kupanda hadi kwenye kizazi na mirija. Mirija ikipata makovu, mwanamke anaweza kukosa watoto, au mimba ikatunga nje ya kizazi, jambo linaloweza kumuua kwa kuvuja damu ndani.

Mke huyu alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kwa hiyo doksisaiklini haikumfaa. Alipewa sindano ya seftriaksoni, ambayo ni salama kwa mjamzito, pamoja na azithromaisini. Asingetibiwa, mtoto angeweza kuambukizwa macho wakati wa kuzaliwa, na kisonono cha macho kinaweza kumpofusha mtoto mchanga kwa muda mfupi. Dawa ya macho anayopakwa mtoto punde tu anapozaliwa ni kwa ajili hiyo.

Kuna wanaouliza kama mume anaweza kumbebea mkewe dawa. Vidonge vinabebeka, na katika hali fulani tabibu huruhusu. Sindano haibebeki. Kugawana dozi moja nyumbani, watu wawili vidonge saba kila mmoja, hakumponyi yeyote.

Wenzi wanaohitaji kuitwa ni wote wa siku 60 zilizopita, si wa ndoa pekee. Yule mwanamke wa Jumatano naye yumo. Anayeshindwa kusema uso kwa uso anaweza kuomba kadi ya kumwalika mwenzi, au kumwomba mhudumu awasiliane naye bila kutaja jina la aliyemtaja. Anayehofia kupigwa aseme hivyo kwa mhudumu kabla ya mwenzi kuambiwa. Na ifahamike kwamba aliyeonyesha dalili kwanza si lazima awe ndiye aliyeleta ugonjwa. Klamidia inaweza kukaa mwilini kwa miezi bila kujulikana, hivyo tarehe ya dalili haitoshi kumhukumu mtu.

Mara ya pili wote wawili walidungwa siku moja. Siku 7 za kujizuia huhesabiwa tangu mtu wa mwisho alipotibiwa, na anayemeza doksisaiklini husubiri hadi amalize vidonge. Walipimwa pia virusi vya ukimwi na kaswende, kwa kuwa njia ya kuambukizwa ni ile ile, na kisonono hurahisisha virusi kupenya. Mke aliambiwa arudi kupimwa baada ya wiki nne, kwa sababu ya mimba, na wote wawili baada ya miezi mitatu. Kipimo cha maabara kikifanywa mapema mno baada ya dawa kinaweza kunasa mabaki ya bakteria waliokwisha kufa, na mtu aliyepona akaambiwa bado anaumwa.